Mashine ya kadi Dubai ikikuuliza: shilingi au dirham?

*Assalamu alaykum. Mimi ni mama wa biashara hapa Mji wa Kale, nauza mabuibui na manukato, na kila baada ya miezi mitatu naenda Dubai kuchukua mzigo. Mwezi uliopita, katika duka moja la Deira, nililipa dirham 4,200 kwa kadi yangu ya shilingi. Mashine ikaniuliza nilipe kwa AED au KES 155,400. Nikachagua shilingi ili nijue nakatwa ngapi, na pia naogopa shilingi yetu isije ikaanguka kabla benki haijakata. Duka la pili nilitumia kadi ya akaunti yangu ya dola kulipa dirham 2,500, na kijana wa kaunta akabonyeza mwenyewe bila kuniuliza. Risiti ikatoka KES 92,500, na kwenye akaunti nikakatwa dola 728. Wifi yangu anasema nimeibiwa mara mbili. Ni kweli? Safari ijayo nichague nini, na zilizokwenda zitarudi?*

*Mama Manukato, Mombasa*

Waalaykum salaam, dada yangu.

Safari ijayo chagua dirham, kwa kadi zote mbili. Duka la kwanza hukuibiwa, uliuziwa kitu cha ghali ambacho hukukihitaji. Duka la pili wifi yako ana haki ya kukasirika, na huko ndiko penye pesa unazoweza kuzidai. Nitayaeleza yote mawili taratibu, kwa sababu nimekaa miaka mingi kwenye dawati la kadi za benki na naijua sura ya mtu anayeleta risiti kama zako.

Watu wengi hudhani lile swali la mashine linahusu sarafu. Kwa kweli linauliza ni nani atakayekuvunjia pesa. Ukienda Tanga kwa njia ya Lungalunga, unawaona wavunja pesa kwa macho yako. Huyu anakupa bei yake, yule anakupa yake, ukiona mmoja anakubana unamwendea mwenzake. Kwenye mashine ya kadi wavunja pesa ni wawili vilevile, ila hawaonekani. Ukibonyeza AED, duka hupelekewa dirham zake kamili, Visa au Mastercard wanazigeuza kwa bei yao ya siku hiyo, na benki yako ya Mombasa inaongeza ada yake juu. Ukibonyeza KES, kazi hiyo hufanywa kulekule dukani kabla hesabu haijaondoka. Kampuni inayoshughulika na ubadilishaji huo hupanga bei yake yenyewe, na ile ziada hugawanywa kati yake, benki ya duka, na mara nyingi duka lenyewe. Ndiyo sababu kijana wa kaunta ana hamu ya kubonyeza shilingi. Mwajiri wake anapata kitu.

Sasa tuipime bei uliyopewa. Chukua ile namba ya shilingi uigawanye kwa namba ya dirham: 155,400 kwa 4,200. Unapata 37 kamili. Maana yake uliuziwa kila dirham kwa shilingi 37. Bei ya haki ilikuwa ngapi? Hapa wewe unayekwenda Dubai una bahati ambayo anayekwenda Istanbul au Guangzhou hana. Dirham imefungwa kwa dola tangu 1997, na dola 1 ni dirham 3.6725, leo na kesho. Kwa hiyo ukijua bei ya dola hapa kwetu, umeshaijua bei ya dirham. Dola ikiwa shilingi 129, kama ilivyokaa kwa muda mrefu tangu katikati ya 2024, unagawanya 129 kwa 3.6725 na unapata shilingi 35.13. Mzigo wako wa dirham 4,200 kwa bei hiyo ni shilingi 147,546. Uliukubali kwa 155,400. Tofauti ni shilingi 7,854, yaani zaidi kidogo ya asilimia 5.

Usimalize hesabu hapo lakini, maana ungechagua dirham nayo benki yako ingechukua chake. Tuseme huongeza asilimia 3 kwa manunuzi ya nje. Ungekatwa karibu shilingi 151,972. Kwa hiyo hasara yako halisi katika duka la kwanza ni kama shilingi 3,400, si zile elfu saba na ushei. Nakwambia hivi kwa makusudi, kwa sababu watu hutajiwa hesabu kubwa ya kutisha, kisha wakiona benki yao nayo imekata ada wanadhani walidanganywa na wanarudi kubonyeza shilingi.

Na kuna jambo ambalo washauri wengi hulipita kimya. Zipo benki zinazotoza ghali kiasi kwamba bei ya duka na bei yao hukaribiana, na ukipata benki inayoongeza asilimia 6, bei ile ya 37 ingekuwa nafuu kwako. Utajuaje yako iko wapi? Tafuta taarifa ya akaunti ya safari ya zamani, siku uliyolipa kwa dirham bila kubadilisha. Gawanya shilingi ulizokatwa kwa dirham za kwenye risiti. Halafu fungua tovuti ya Visa au ya Mastercard, kulingana na nembo iliyo kwenye kadi yako. Wote wawili wana kikokotoo cha bei ya sarafu, unaandika tarehe na sarafu mbili, kinakupa bei yao ya siku hiyo. Tofauti kati ya bei hiyo na uliyokatwa ndiyo ada ya benki yako. Ifanye mara moja tu, uiandike kwenye daftari la biashara. Kisha angalia kama benki inatoza ada yake hata ukilipa kwa shilingi ukiwa nje. Zipo zinazofanya hivyo, kwa kuwa kwao kinachohesabika ni kwamba duka liko nje ya nchi, hata kama sarafu ni yetu. Ikiwa yako ni mojawapo, kubonyeza KES kunakutoza ziada ya duka na ada ya benki pamoja.

Woga wako wa shilingi kuanguka ni woga wa mfanyabiashara na siubezi. Januari 2024 dola ilikuwa shilingi 160, na wengi hapa Mombasa walileta mzigo wakauza bila faida. Lakini angalia muda wenyewe. Ukilipa kwa dirham, hesabu hufungwa baada ya siku moja, mbili au tatu. Ili uchaguzi wa shilingi ukulipe, shilingi yetu ingepaswa kuanguka kwa zaidi ya kile ulicholipa ziada, ndani ya siku hizo chache. Kwa kawaida haitembei hivyo. Ninaoukumbuka mwendo mkali wa karibuni ni ule wa Februari 2024, na ulikwenda upande wa pili: shilingi ilipanda kutoka 160 hadi chini ya 150 kwa dola ndani ya siku chache. Aliyejifungia bei ya juu kwa kuogopa ndiye aliyeumia. Na kama unataka tu kujua utakatwa ngapi, hilo unaweza kulipata bure. Gawanya bei ya dola ya siku hiyo kwa 3.6725, zidisha kwa dirham zako, ongeza ada ya benki yako, na namba utakayopata itakuwa karibu sana na itakayotokea.

Tuje kwenye kadi ya dola, kwani huko ndiko nilikohuzunika niliposoma barua yako.

Mashine ya dukani haioni akaunti yako. Inachosoma ni tarakimu za mwanzo za kadi, zinazotambulisha benki iliyoitoa, kisha inatazama kwenye orodha yake sarafu ya kadi hiyo. Kadi imetolewa Kenya, orodha inasema shilingi, na mashine inaleta KES. Kwamba nyuma ya kadi hiyo pana akaunti ya dola, haijui. Kwa hiyo pesa zako zilivunjwa mara mbili. Kwanza dirham 2,500 ziligeuzwa shilingi 92,500, kwa bei ileile ya 37. Kisha shilingi hizo zilipofika huku Kenya zikakuta akaunti ya dola, ikabidi zigeuzwe tena. Gawanya 92,500 kwa 728 unapata 127 na senti kidogo. Hiyo ndiyo bei waliyonunulia dola zako. Ulinunua shilingi usizozihitaji kwa bei mbaya, ukazilipia kwa dola zilizonunuliwa kwa bei mbaya.

Ungelipa kwa dirham, dirham 2,500 kugawanya kwa 3.6725 ni dola 680.74. Ulikatwa 728. Hizo ni dola 47 zilizotoka kwenye faida yako kwa kidole cha mtu mwingine. Hata benki yako ingeongeza asilimia 2 juu ya 680, bado ungebaki na zaidi ya dola 33. Kwa kadi ya dola nchini ambako dirham imefungwa kwa dola, hakuna hesabu hata moja ninayoweza kuipanga ikatoka kwamba shilingi ni bora. Kwa kadi ya shilingi nimekwambia upime ada ya benki yako. Kwa hii ya dola usipime, sema dirham na uendelee.

Wala usingoje mashine ikuulize. Mwenye kaunta akishaandika kiasi, sema "dirham" kabla kadi haijaingia wala kugusishwa. Halafu iombe mashine uishike wewe. Ukiona namba mbili kwenye kioo, moja ina AED na nyingine KES, bonyeza AED kwa mkono wako, ndipo uweke namba ya siri. Ukiona KES peke yake, usiweke namba ya siri. Bonyeza kitufe chekundu, mwambie aanze upya. Akikwambia mashine imejichagulia yenyewe au kwamba kadi ya Kenya haikubali dirham, si kweli. Kanuni za Visa na za Mastercard zinasema mwenye kadi ndiye anayechagua, na duka halina ruhusa ya kumchagulia. Akikwambia "hakuna kamisheni", huenda ni kweli kwa maneno, kwa sababu ziada imeshafichwa ndani ya bei ya 37. Gawanya tu utaiona.

Kwenye ATM swali huja kwa sura nyingine, na limewaponza hata wafanyakazi wenzangu wa benki. Kioo kinaandika bei, kisha vitufe viwili, `ACCEPT CONVERSION` na `DECLINE CONVERSION`. Mtu anaogopa kwamba akikataa atanyimwa pesa, anakubali. Kukataa pale ni kukataa ubadilishaji wa benki ile tu. Pesa zinatoka kama kawaida na benki yako ndiyo inayogeuza. Bonyeza `DECLINE CONVERSION`, subiri kidogo, noti zitatoka.

Hotelini nako angalia karatasi unayotia saini siku ya kufika. Mara nyingine ruhusa ya kukutoza kwa sarafu ya kadi imo ndani yake kwa maandishi madogo, na siku ya kuondoka hawakuulizi tena.

Zilizokwenda zitarudi? Risiti ya kwanza iache. Ulionyeshwa sarafu mbili, ukachagua mwenyewe, benki haitakuwa na la kushika.

Ya pili ni kesi. Nakueleza na yaliyonipata mimi ili ujue njia ipi ifuate. Nilimpeleka mama yangu kutibiwa Chennai, India. Siku ya kulipa, keshia wa hospitali moja alibonyeza shilingi nikiwa nimegeuka kumshika mama. Niliiona risiti usiku hotelini. Mimi, mtu wa kadi! Dawa ya kwanza ya kosa hili ni kurudi siku ileile. Duka likiwa bado halijafunga hesabu ya mashine ya siku hiyo, muamala hufutwa wote kana kwamba haukutokea, halafu unalipa upya kwa sarafu ya nchi. Mimi nilirudi asubuhi, hesabu imeshafungwa. Wakasema wanaweza kunirudishia tu. Nikakubali kwa haraka, na hilo likawa kosa la pili, kwa sababu marejesho yaligeuzwa kwa bei ya siku yake, na nilipopiga hesabu nyumbani nilikuwa nimerudishiwa pungufu ya nilichokatwa. Kwa hiyo siku ikishapita, usiombe duka likurudishie ili ulipe tena mpaka uwe umeuliza watarudisha kiasi gani hasa cha shilingi. Kama si kilekile, waambie hapana na uende kwa benki yako.

Wewe umesharudi Mombasa, kwa hiyo njia yako ni benki. Nenda kwenye tawi au piga simu yao ya kadi, uombe fomu ya kupinga muamala. Usiandike "nimeibiwa", maana watalipeleka kwa watu wa wizi wa kadi, wataifunga kadi yako, na mwezi mmoja baadaye watakuuliza kama uliweka namba ya siri. Sema ndiyo, uliweka, bidhaa ulipokea, na kiasi cha dirham ni sahihi. Unachopinga ni sarafu. Ulibadilishiwa pesa bila kupewa hiari ya kuchagua. Hilo ni kundi lake peke yake katika kanuni za mitandao ya kadi, na karani akilisoma hivyo anajua pa kulipeleka.

Ambatisha risiti. Iangalie vizuri kabla hujaipeleka: inatakiwa ionyeshe kiasi cha dirham, kiasi cha shilingi, bei iliyotumika na ziada iliyoongezwa. Chini huwa pana mstari wa Kiingereza unaosema mteja alipewa hiari ya kuchagua sarafu. Ikiwa uliutia saini mstari huo, kesi yako inapungua nguvu, nawe uieleze benki kweli ilivyokuwa. Ikiwa hapana saini yako, au kile kiasi cha dirham hakimo kabisa kwenye risiti, taja hilo kwenye fomu kwa maneno yako. Ongeza na risiti yako ya kutoka duka la kwanza, kuonyesha kwamba palepale Deira mashine nyingine ilikuuliza.

Wakikubali, usishtuke ukirudishiwa dola zote 728 halafu baada ya muda ukakatwa upya kiasi cha karibu 680. Huenda duka likauleta muamala uleule kwa dirham, kama ulivyopaswa kuwa. Ziache dola hizo kwenye akaunti, usizitumie kununulia mzigo.

Nenda wiki hii, dada. Siku za kupinga zina kikomo na zinahesabiwa tangu siku ile uliyosimama kaunta, na safari yako ijayo iko miezi miwili mbele. Kwenye fomu, pale penye nafasi ya maelezo, andika hivi tu: "Nililipa dirham 2,500 kwa kadi ya akaunti ya dola. Keshia alichagua shilingi za Kenya bila kuniuliza. Naomba muamala uhesabiwe kwa dirham."